MAMA MDOGO, Kidato cha Nne

Niliitwa Mama kabla sijaota meno. Baba alinipa jina la mama yake mzazi, na mama yangu, ambaye ni mkwe wa mwenye jina, asingelitamka hata kwa kushikiwa panga. Katika ukoo wetu mke hataji jina la mama mkwe wake. Hataji akiwa naye, hataji akiwa shambani peke yake, na akizaa mtoto aliyerithi jina hilo, mtoto naye anakuwa Mama. Kwa hiyo bibi alikuwa Mama, mimi nikawa Mama, na mama yangu mwenyewe kwangu alikuwa Mama vilevile. Ukisimama uani kwetu Gare ukaita "Mama!", wanageuka watu watatu.

Utotoni sikuona ajabu yoyote. Shuleni walimu waliniita jina langu, lile baba aliloliandika kwenye fomu zote kwa mkono wake. Nyumbani bibi ndiye aliyeliita, na alilipenda, maana ni lake. Baba naye aliniita Mama, kwa kunidekeza. Mama yangu hakuwahi kuniita vinginevyo, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza kwa nini. Mtu hajiulizi kwa nini mlango wa kwao unafungukia ndani.

Mambo yalikuja kunichanganya ukubwani, nikiwa muuguzi wa kujitolea katika zahanati moja upande wa Rangwi, siku ya Jumamosi ambayo mfumo wa maombi ya kazi ulikuwa unafungwa.

Nieleze kwanza habari ya vyeti, maana bila hiyo utaniona nilikuwa nagombana na mama yangu bure.

Mama alikuwa mhazili wa shule ya sekondari. Baba alipofariki, alipanda darini kutafuta karatasi zake za mirathi, akateremka na furushi lililomtoa machozi upya. Moshi wa jikoni ulikuwa umezigeuza karatasi rangi ya chai. Panya walikuwa wameshaonja pembe za cheti cha baba cha ubatizo. Ukungu wa milima yetu, ambao wageni hupanda kutoka Mombo kuja kuupiga picha, ulikuwa umeingia mle na kuacha madoadoa meusi. Vyeti vyangu vilikuwa katikati ya furushi, ndiyo pona yao. Mama akaapa kwamba hakuna karatasi ya nyumba ile itakayolala tena darini.

Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu aliyekaa ofisini miaka mingi. Majirani walimshauri avilaminishe vyeti vyote, kama wao walivyofanya, akawakatalia. Cheti kilicholaminishwa hung'aa chini ya taa ya skana na kutoa mwanga mweupe juu ya maandishi, na ofisi nyingine hukikataa kwa sababu hawawezi kuigusa karatasi yenyewe wakajua ni halisi. Alivitia kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki laini, na mifuko yote ndani ya sanduku la chuma la bibi, chumbani, mbali na jiko. Kisha alimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kutumia skana baada ya kazi. Alifuta kioo kwa kitambaa kikavu, akaskani mbele na nyuma, kwa rangi, ili mihuri ionekane ni ya bluu kweli na si ya kivuli. Alitoa nakala, akazipeleka kwa wakili Lushoto mjini zigongwe muhuri wa kuthibitisha kwamba zinafanana na vyeti halisi, na hizo nazo akaziskani. Kila faili alilifungua tena kuhakikisha hakuna mstari uliokatika. Seti moja ilibaki kwenye kompyuta yake, nyingine kwenye flashi aliyoificha ndani ya kopo, na ya tatu mtandaoni, kwenye barua pepe ya familia ambayo sote tuliijua.

Halafu akavifunga kwa neno la siri. Pale shuleni aliwahi kuona watu wakifuatiliwa kwa kutumia vyeti vya wenzao, na wenye vyeti wakihangaika kueleza wao ni nani. Jambo hilo lilimwingia.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni. Nilipomaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, nikampelekea transkripti na cheti na leseni, naye akaviongeza. "Viko salama," aliniambia. Sikuuliza salama vipi. Nilifurahi kwamba nimetua mzigo.

Sasa turudi Rangwi.

Tangazo la nafasi za wauguzi lilinifikia nimechelewa, kwenye kundi la simu la wale tuliosoma nao. Wenzangu wote walikuwa wameshaomba. Mimi nilidhani nimeshaliona tangazo, kumbe niliona la mwaka mwingine. Mfumo ulitaka cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, stashahada, transkripti na leseni, vyote nakala zilizothibitishwa na wakili, na ulisema wazi kwamba hati za matokeo hazipokelewi. Kwenye simu nilikuwa na picha ya hati yangu ya matokeo, imekunjamana, na kidole gumba cha mtu pembeni. Basi.

Nilikuwa nimejitolea kwa muda mrefu kiasi kwamba kina mama wa vijiji vile walijua nimeajiriwa, na mimi nilikuwa najua sijaajiriwa. Niliitaka kazi ile. Niliitaka hadi nikawa sisikii ladha ya chakula. Barabara ya kwetu ilikuwa imeteleza kwa mvua za wiki nzima, bodaboda wote walisema hapana, na hata kama ningefika Gare, shule imefungwa na wakili hayupo ofisini siku ya Jumamosi. Kilichobaki ni mafaili ya mama.

Mganga mfawidhi wetu, bwana mpole kutoka Singida aliyekuwa anaona baridi mwaka mzima, aliniazima kompyuta yake ya mapajani. Akaiweka juu ya meza ya chumba cha dawa, tukaunganisha intaneti ya simu yangu, dirishani, mahali pekee mtandao ulipokuwa unapatikana.

"Sista, betri ina nusu," aliniambia. "Na umeme, kama unavyoona."

Umeme haukuwepo tangu asubuhi.

Nikaingia kwenye barua pepe ya familia, nikaiona folda ya VYETI. Moyo ukatulia. Nikaandika jina langu kwenye sehemu ya kutafutia. Hakuna kitu. Nikaandika jina la ukoo. Nalo halikuleta kitu. Nikasogeza orodha taratibu kwa kidole, nikaanza kusoma.

Mama alikuwa ameyapanga vizuri, siwezi kumsingizia. Kila faili lilianza na mwenyewe, kisha aina ya hati, kisha kama ni halisi au nakala iliyogongwa muhuri. Karani yeyote angeipenda orodha ile. Tatizo lilikuwa mwenyewe. Palikuwa na MAMA, HATI YA SHAMBA. MAMA, KADI YA BIMA. MAMA, CHETI CHA KUZALIWA. Chini yake MAMA MDOGO, KIDATO CHA NNE, HALISI. MAMA MDOGO, KIDATO CHA NNE, MUHURI. MAMA MDOGO, STASHAHADA. Kisha MWALIMU, kisha BABA, kisha MIMI.

Nilibaki nimekodoa macho. MIMI ni nani? Hapo mwanzoni nilidhani ni mimi. Nikabonyeza, ukatokea mstari mtupu unaoniomba neno la siri, nikakumbuka kwamba aliyeandika MIMI ni mama. Kwa hiyo MIMI ni yeye. MAMA ni bibi, maana ndiye mwenye shamba. Na MAMA MDOGO ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama, ambaye ni mwalimu Korogwe na ana stashahada ya ualimu. Sasa MWALIMU ni nani tena? Na mimi niko wapi?

Nilisoma orodha ile kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Katika nyumba niliyozaliwa, mbele ya mtandao mzima, sikuwepo.

"Umepata?" mganga aliniuliza.

"Nimepata vya ukoo mzima isipokuwa vyangu," nilimjibu, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

Nikampigia mama. Aliipokea simu akiwa jikoni. Nilisikia sufuria na nikasikia bibi akikohoa. Nikamwamkia harakaharaka, nikamwomba anisalimie bibi, kisha nikamweleza: kazi, mwisho ni leo, betri, vyeti vyangu havimo.

"Vimo," alisema mama.

"Havimo, mama. Nimetafuta jina langu."

"Jina lako nitaliandikaje?"

Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini hatembei uchi sokoni. Nikashusha pumzi.

"Basi mimi ni nani humo?"

"Wewe ni Mama Mdogo. Mama ni Mama, na wewe ni Mama yule mdogo. Si iko wazi?"

"Na mama mdogo mwenyewe?"

"Yule nimemwandika Mwalimu. Nisingewachanganya."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja kwa sababu betri ilikuwa inashuka. Nikafungua MAMA MDOGO, KIDATO CHA NNE, MUHURI. Mstari mtupu ukanisubiri.

"Sawa. Neno la siri ni lipi?"

Nikadhani mtandao umekata.

"Haloo? Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imeshuka. "Ni lile."

"Lipi?"

"Lile jina."

"Jina la nani?"

"La mwenye nyumba."

Nikaandika jina la marehemu babu. Likakataa. Nikaandika la baba. Likakataa. Nikamwambia mama kwamba la babu limekataa, akasema, "Babu yako anaingiaje hapa?" Nikamwambia mwenye nyumba ni babu. Akasema babu alishafariki, mwenye nyumba ni yule aliyekaa pale mbele yake anamenya viazi. Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nikazidi kuchanganyikiwa.

"Mama! Umefunga vyeti kwa jina la bibi?"

"Shhh," alisema mama, kama vile bibi angeweza kunisikia kutoka Rangwi. "Nilitafuta neno ambalo hata mtu akinibana vipi haliwezi kunitoka mdomoni. Nikaona hilo."

Hapo ningeweza kumpongeza, maana sijawahi kusikia neno la siri lililolindwa vizuri namna hiyo. Lakini nilikuwa na swali jingine.

"Wewe si huwa hulitaji? Uliliandikaje?"

"Nilipoandika hayakutokea maandishi," mama alisema. "Zilitokea nukta. Nukta, nukta, nukta. Sikuandika jina. Niligusa vitufe tu."

Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa hajavunja chochote.

Lakini sasa, nikajipa moyo, mambo ni rahisi. Jina la bibi ni langu. Hakuna mtu duniani anayejua kuliandika kuliko mimi. Nikaliandika kama lilivyo kwenye leseni yangu.

Likakataa.

Nikarudia na herufi kubwa mwanzoni. Likakataa. Herufi kubwa zote. Likakataa. Nikamuuliza mama, akasema aliliandika kwa herufi ndogo tupu, bila nafasi, bila namba. Nikaandika hivyo. Likakataa.

"Mama, umeliandika kama lilivyo kwenye vyeti?"

"Sikuangalia vyeti. Nililiandika ninavyolisikia."

Hapa lazima nieleze kidogo. Mama yangu si Msambaa. Alizaliwa bondeni, upande wa Muheza, na lugha ya kwao ni Kibondei. Kisambaa anakisema, ameishi nacho miaka yote ya ndoa, lakini kinamtoka na chumvi yake. Maneno mengine anayalainisha katikati, mengine anayaongezea pumzi mwanzoni, na bibi humtania kwa hilo mpaka kesho. Jina letu lina sehemu mbili ambazo karani aliyeandika cheti changu cha kuzaliwa alizinyoosha Kiswahili. Bibi mwenyewe hulitamka kwa namna nyingine kabisa. Nikaliandika kama bibi anavyolitamka. Likakataa. Nikabadilisha herufi ya katikati. Likakataa. Nikaondoa moja, nikaongeza moja, nikazungusha zote mpaka jina langu likaanza kuonekana kama la mtu nisiyemfahamu.

Kumbe wa kuniambia alikuwa mama peke yake. Hakuna mtu aliyejua jina lile linasikikaje masikioni mwa mama yangu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia kutoka kinywani mwake.

"Niandikie meseji," nilisema.

"Litaonekana."

"Utafuta."

"Litakuwa limeshaandikwa. Na simu hii hata yeye huishika kuangalia saa."

"Nitajie herufi moja moja, basi."

Akajaribu. Naapa alijaribu. Alitoka jikoni, nikasikia mlango, nikasikia upepo wa kwenye shamba la maharage. Akataja herufi ya kwanza. Akapumua. Akataja ya pili, kisha akasimama, maana kwa herufi mbili jina lilikuwa limeshaanza kutoa kichwa.

"Siwezi," alisema. "Mdomo unakataa. Sikutanii, mwanangu. Unakataa wenyewe."

Nilikuja juu. Nilimwambia ni mambo ya kizamani, kwamba nimejitolea mpaka viatu vimeisha soli, kwamba kazi inaondoka kwa sababu ya adabu ambayo hakuna anayeihesabu. Niliyasema mbele ya mganga, ambaye aliinamia kabati la dawa akajifanya anapanga chupa zilizokwisha pangwa. Mama hakunijibu kwa hasira. Alisema kwa upole kwamba alipoolewa hakuwa na mtu milimani huku, alikuwa mgeni na baridi ilimtesa, na huyu mama alimpokea kama mtoto wake. Hakuwa na dhahabu ya kumlipa. Alichokuwa nacho ni kutomtaja. Siku zote alikuwa anamlipa kwa hicho.

Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa haijui imkalie nani.

"Betri robo," mganga alisema, akiwa bado amegeukia kabati.

Mvua ikaanza kwetu, na dakika chache baadaye ikafika kwao. Nilijua kwa sababu nilimsikia mama akikimbia. Alirudi barazani, chini ya bati, na bati likaanza kupiga kelele. Sauti yake ikawa inakatika vipande.

"...nitakuambia," nilisikia. "Nimeomba msamaha moyoni. Nitakuambia mara moja."

"Sema, mama."

Akasema kitu. Mvua ikakimeza.

"Sikusikii!"

Akarudia. Nilisikia pumzi tu na bati.

"Mama, sikusikii! Sema kwa nguvu!"

Na mama yangu akapaza sauti. Akaliita. Akaliita jina zima, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka kilima hiki mpaka kilima kile.

Sijui kama naweza kueleza. Jina langu ninalifahamu. Limeitwa na walimu kwenye mahudhurio, na wauguzi wakuu, na wagonjwa usiku na mchana. Lakini lile lilikuwa jingine. Lilikuwa laini katikati, lina pumzi ya bondeni mwanzoni, na mwishoni alilivuta kidogo, kama vile alikuwa amelibeba muda mrefu na hakujua aliweke wapi. Mimi, mtu mzima, nimesimama dirishani mwa chumba cha dawa nimevaa sare, nikaitika.

"Abee!"

Na palepale, ndani ya simu, kutoka jikoni, sauti ya kizee ikaitika pamoja nami.

"Abee!"

Bibi alikuwa ameitwa. Hakujua habari ya vyeti, wala mfumo, wala nukta. Alisikia ameitwa kwa jina lake, ndani ya nyumba yake, akaitika kama mwanamke aliyelelewa vizuri anavyoitika. Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu. Nikamsikia akiuliza, "Nani ananiita?"

Nilisikia mvua tu. Kisha nilimsikia akisema, kwa sauti ndogo sana, "Ni mimi, Mama. Nisamehe."

Sikusikia bibi alisema nini. Mtandao ulikuwa unakatika, na ninapomuuliza mama mpaka leo, hunijibu kwamba ni ya kwao wawili. Nilichosikia ni kicheko. Kilikuwa cha bibi, kile chake cha kukohoa, na kilichukua muda.

Mganga aligonga meza kwa kidole. Nikainama, nikaandika jina kama nilivyolisikia, kwa herufi ndogo tupu. Nukta zikajipanga. Nikabonyeza.

Cheti changu cha kidato cha nne kikafunguka, safi, muhuri wa wakili wa bluu kweli, kila mstari umesimama. Mganga akanionyesha namna ya kukihifadhi upya bila kufuli, maana mfumo haupokei faili lililofungwa. Tukafanya hivyo kwa stashahada, transkripti, leseni, na hatimaye cheti cha kuzaliwa, ambacho tulikipata kwenye MAMA MDOGO, KUZALIWA, chini kabisa. Kila faili nililifungua kwa jina lile lile. Kila mara niliandika polepole, nikihofia kulikosea, na kila mara nilihisi kama ninaitwa tena. Nikayabadilisha majina ya zile nakala mpya kabla ya kuzituma, nikaandika jina langu lote kwa tahajia ya karani, na kwa mara ya kwanza siku ile nikajiona kwenye orodha. Maombi yakapokelewa. Kompyuta ikazimika kabla sijaifunga, na mganga akasema, "Aa, basi," akaenda kutafuta koti lake.

Mtandao uliporudi jioni nilimpigia mama kumwambia vimekwenda. Alifurahi, akauliza kama nimekula, akasema bibi anasalimia na bado anacheka. Nilimwambia kwamba itabidi tubadilishe majina ya mafaili yote na neno la siri pia, siku nyingine nitakuwa mbali zaidi, na wengine wa ukoo hawatajua Mama Mdogo ni nani. Akakubali. Alisema nije nifanye mimi, yeye atakuwa amekaa pembeni.

Nikawa na jambo moja tu lililobaki, na nilishindwa kulipata neno lake, kwa hiyo nikalisema hivyohivyo. Nilimwomba alitaje tena. Nilimwambia simu sasa inasikika vizuri, hahitaji kupaza sauti.

"Si limeshafunguka?" alisema. "Lala salama, Mama." Akakata simu.